Cheti cha kuzaliwa cha Uspania katika Kiswahili: majina na kashe

Mtoto akizaliwa Uspania, cheti chake kinatoka «Registro Civil», ndiyo etasivili ya kule. Familia ikirudi Kongo, serikali inatumia Kifaransa kama lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Kwa hiyo tafsiri ya Kiswahili inawafaa zaidi wale wanaovuka ziwa kwenda kuishi Tanzania. Kabla ya kulipa mtafsiri, ulizeni ofisi itakayopokea: inataka lugha gani, na sahihi ya nani?

Shida kubwa iko kwenye majina. «Nombre» inafanana na nomu ya Kifaransa, lakini maana yake ni prenomu. Majina ya familia ni «apellidos», na Uspania wanaandika mawili, kwa kawaida la baba kwanza, la mama nyuma.

Tuchukue mfano wa kutunga: baba ni Kasereka, mama ni Kavira, mtoto ni Amani. Cheti kitasema «Nombre: Amani», «Primer apellido: Kasereka», «Segundo apellido: Kavira». Kwa Kiswahili inakuwa: Jina: Amani, jina la kwanza la familia: Kasereka, jina la pili la familia: Kavira. Sisi tuliozoea posinomu tunaona Kavira tunadhani ndiyo hiyo. Hapana, ni jina la mama. Kama posinomu haiko kwenye cheti, mtafsiri haiongezi.

Herufi nazo hazibadilishwi. Muñoz haiwi Munyoz, José haiwi Hose. Na kama karani wa kule aliandika Casereka na C, tafsiri inabaki na C, halafu chini mtafsiri anaandika: «Jina limeandikwa hivi katika cheti cha asili.» Kusahihisha ni kazi ya ile etasivili iliyoandika. Mtafsiri akisahihisha kimya kimya, karatasi mbili hazitalingana, na ofisi inaweza kuzikataa.

Angalia pia jinsia: «mujer» ni wa kike, «varón» ni wa kiume. Mtu aliyezoea Kifaransa akiona herufi M peke yake anaweza kumgeuza binti kuwa kijana.

Kashe haichorwi upya, inaelezwa ndani ya mabano mahali pale ilipo: [Muhuri wa duara: Registro Civil de Zaragoza], [Sahihi haisomeki]. Maandishi ya pembeni nayo yanatafsiriwa, maana ndiko mabadiliko ya jina huandikwa. Kama kuna apostili, tafsiri sehemu zake zote kumi. Hiyo inathibitisha sahihi na muhuri, haithibitishi kwamba majina ni sawa. Cheti cha kompyuta kina kodi ya uhakiki: inanakiliwa herufi kwa herufi.

Kwa anayehitaji Kifaransa tu, Uspania inatoa bure cheti cha lugha nyingi, «plurilingüe», chenye Kifaransa ndani.