Kihenge cha nguzo: historia yake na kofia ya bati

Kihenge cha asili cha Usukumani kilifumwa kwa fito, kikaezekwa nyasi na kuinuliwa juu ya mawe au nguzo. Mtama na uwele vilikaa humo hadi msimu mwingine. Kuinuliwa huko kuliepusha unyevu wa ardhi na kumlazimu panya apande mguu mmoja mmoja akiwa wazi.

Kihenge hicho kilitegemea msitu. Kuanzia miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa ili kupambana na mbung'o, kisha pamba na kuni vikamaliza miti mingi. Nguzo ngumu zikawa adimu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), na ngitili zikaanza kurudishwa. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya mkoa huo hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012. Penye ngitili iliyotunzwa, nguzo zinapatikana tena.

Lakini nguzo peke yake haitoshi. Panya wa nyumbani ni mpandaji hodari, hivyo mti wenye magamba kwake ni ngazi. Kinachomzuia ni kofia ya bati.

Chukua kihenge cha magunia kumi ya mahindi, yaani takriban tani moja. Kisimamishe juu ya nguzo sita zenye unene wa sentimita 15, sakafu ikiwa mita moja kutoka ardhini. Kwa kila nguzo kata bati bapa la duara lenye upana wa sentimita 75. Likate mstari mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, pandanisha kingo kidogo liwe kama mwavuli, kisha toboa tundu la kuikaza nguzo. Lipigilie misumari chini kidogo ya sakafu, mdomo ukitazama chini. Panya akipanda hukuta bati laini limemzidi kila upande. Ziba upenyo kati ya bati na nguzo kwa udongo, kwa kuwa panya mdogo hupita penye upana wa kidole.

Kofia hushindwa panya anapopata njia nyingine: ngazi iliyosahauliwa, jembe lililoegemezwa, au tawi lililo karibu na paa. Acha mita mbili wazi kila upande, na ngazi uilaze chini kila ukimaliza.

Ili kujua kama inafanya kazi, paka majivu kwenye nguzo juu ya kofia jioni. Asubuhi ukiona nyayo, kuna njia. Ukikuta mavi ndani lakini majivu hayajaguswa, panya ama aliingia pamoja na mavuno, ama anapitia paani.

Kofia haimzuii dumuzi. Mahindi bado yanahitaji kukaushwa vizuri na kuwekewa dawa.