Glisini: unga wa kulinganishia uliogeuka kirutubisho cha usingizi

Mwaka 1820, mkemia Mfaransa Henri Braconnot alichemsha jelatini pamoja na asidi ya salfa katika mji wa Nancy. Alipata chembe nyeupe zenye ladha tamu, akaamini amegundua aina mpya ya sukari. Baadaye ilibainika kuwa chembe hizo zina naitrojeni, ambayo sukari haina. Hiyo ndiyo glisini, amino asidi ndogo kuliko zote zinazojenga protini. Mwili wenyewe huitengeneza, na tunaila kila siku ndani ya nyama, samaki na maharage. Kwa zaidi ya miaka 180 hakuna aliyeihusisha na kitanda.

Uhusiano huo ulizaliwa Japani, tena kwa bahati. Kampuni ya Ajinomoto, iliyoanza mwaka 1909 kwa kuuza kiungo cha kukoleza chakula, ilikuwa imejijenga kuwa mtengenezaji mkubwa wa amino asidi. Kwa simulizi ya kampuni yenyewe, watafiti wake walikuwa wakijaribu amino asidi nyingine, wakahitaji unga usio na kazi yoyote ili wapate kulinganisha. Wakachagua glisini. Kumbe baadhi ya waliopewa huo unga "usio na kazi" ndio waliosema kwamba wanalala vizuri zaidi.

Majaribio yaliyofuata yalikuwa madogo. La kwanza, lililochapishwa mwaka 2006, lilihusu kikundi kidogo cha wanawake waliokuwa wakilalamika kwamba hawaridhiki na usingizi wao. Kila mmoja alipewa gramu 3 za glisini kabla ya kulala katika kipindi kimoja, na unga bandia katika kipindi kingine, bila yeye wala mtafiti kujua ni upi. Mtu akilinganishwa na nafsi yake namna hiyo, hata kikundi kidogo huweza kuonyesha kitu. Wanawake hao walijaza fomu asubuhi, na baada ya glisini walisema wameamka wakiwa na uchovu mdogo na akili nyepesi zaidi. Ila hayo yalikuwa maneno yao tu.

Mwaka 2007 watafiti walitaka ushahidi usiotegemea maneno. Waliwalaza watu 11 wakiwa wamebandikwa nyaya kichwani zinazosoma mawimbi ya ubongo. Usiku wa glisini, watu hao walipata usingizi mapema zaidi na kufikia usingizi mzito haraka zaidi, huku mpangilio wa hatua za usingizi ukibaki wa kawaida. Jambo hili la mwisho ndilo lililowavutia wataalamu, kwa sababu dawa nyingi za kulalia huvuruga mpangilio huo. Mwaka 2012 likaja jaribio jingine: watu wenye afya walikatiwa robo ya usingizi wao kwa siku tatu mfululizo, kisha wakapimwa wepesi wa kuitikia ishara kwenye skrini. Glisini ilipunguza kidogo uchovu na kuboresha mwitikio wao.

Inafanyaje kazi? Wengi hudhani jibu ni rahisi: glisini hutuliza neva za uti wa mgongo, kazi iliyojulikana tangu miaka ya 1960, basi bila shaka hutuliza na kichwa. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2015 ulielekeza kwingine. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapokutana, kuna kiini kinachoendesha saa ya mwili. Glisini ilipofika hapo iligusa vipokezi vinavyoitwa NMDA, mishipa ya damu ya ngozi ikatanuka, joto likatoka nje, na kina cha mwili kikapoa. Kupoa huko ni sehemu ya kawaida ya kuingia usingizini. Kiini hicho kilipoharibiwa, glisini haikuwaletea panya usingizi tena. Maelezo hayo yanavutia, lakini panya walipewa kipimo kikubwa sana kwa kila kilo ya uzito wao kuliko gramu 3 za binadamu.

Hapa ndipo ninapomtaka msomaji apunguze mwendo. Majaribio hayo ya msingi yalifanywa au kugharimiwa na kampuni hiyo hiyo iliyokuja kuuza glisini kwa wanaotafuta usingizi. Hilo halimaanishi matokeo ni ya uongo. Linamaanisha kwamba watu 11 wa usiku mmoja mmoja hawatoshi kumwambia mwenye ugonjwa wa kukosa usingizi wa miezi kadhaa kwamba atapona.

Kabla ya glisini, sifa hiyo ya kuleta usingizi ilikuwa ya triptofani, amino asidi ambayo mwili huitumia kutengeneza serotonini na melatonini. Katika miaka ya 1970 daktari Ernest Hartmann wa Boston aliripoti kwamba gramu 1 hufupisha muda wa kusubiri usingizi, na Wamarekani wakaanza kuinunua madukani bila cheti cha daktari. Walioamua kuipata kwa kula nyama usiku walijidanganya. Triptofani hupita kuingia kwenye ubongo kwa mlango mmoja na amino asidi nyingine kadhaa, na nyama inazileta zote kwa wingi, hivyo triptofani husukumwa nyuma.

Oktoba 1989, huko New Mexico, madaktari walikutana na wagonjwa watatu wenye maumivu makali ya misuli na ongezeko lisilo la kawaida la aina moja ya chembe nyeupe za damu. Wote watatu walikuwa wakimeza triptofani. Mwezi uliofuata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza iondolewe madukani. Zaidi ya watu 1,500 waliugua na wasiopungua 37 walikufa. Uchunguzi uliielekea kampuni moja ya Kijapani, Showa Denko, iliyokuwa imebadilisha aina ya bakteria wa kuchachusha na wakati huo huo kupunguza kiasi cha mkaa wa kuchujia. Ndani ya mafungu yaliyoshukiwa kulipatikana uchafu wa kikemikali ambao haukutakiwa kuwemo. Hadi leo wataalamu wanabishana kama uchafu huo peke yake unatosha kueleza maafa yote.

Triptofani ilirudi sokoni baadaye, lakini mwongozo wa mwaka 2017 wa Akademi ya Marekani ya Tiba ya Usingizi uliwashauri madaktari wasiitumie kutibu ukosefu wa usingizi. Glisini haimo hata katika orodha ya vitu vilivyojadiliwa na mwongozo huo.

Atakayeijaribu ajue kwamba kinachozungumziwa ni gramu 3, karibu kijiko kidogo cha chai cha unga, ndani ya saa moja kabla ya kulala. Jaribio la usalama lililofika gramu 9 halikuona madhara makubwa kwa watu wenye afya. Anayetumia klozapini kwa maradhi ya akili amwulize daktari wake kwanza, kwa kuwa glisini nyingi imeonekana kuingiliana vibaya na dawa hiyo. Na anayekoroma huku pumzi ikikatika usiku ana tatizo la njia ya hewa, ambalo unga huu hauligusi.

Supu ya kongoro, kwa wanaouliza, ina jelatini, na karibu theluthi moja ya vipande vinavyounda protini hiyo ni glisini. Lakini glisini hiyo huingia mwilini polepole pamoja na amino asidi nyingine, tofauti na unga mtupu uliojaribiwa. Ujanja mwingine uko kwenye vidonge vya magnesiamu glisinati vinavyouzwa kama vya usingizi. Dozi yenye miligramu 200 za magnesiamu hubeba glisini ya takriban gramu 1.2 tu, chini ya nusu ya kipimo kilichotumika Japani.