Resori mbili zikifanya kazi pamoja: namna ya kupima ugumu wa nyuma ya pikipiki

Kutoka Kisangani mpaka Banalia ni kilometa 128. Kwa wamotari wanaopakia bido za mawese, mchele na abiria kwenye njia hiyo, kilomita zinahesabiwa kwa mashimo. Pikipiki ikianza kugonga chini, wengi wanakimbilia fundi na kumwambia: ongeza resori. Fundi anaongeza. Mara nyingine pikipiki inakuwa nguvu kweli. Mara nyingine inagonga kuliko mbele, na pesa imekwisha kwenda. Tofauti haitoki kwenye bei ya resori. Inatoka kwenye namna resori ya pili ilivyowekwa: ubavuni mwa ile ya kwanza, ao juu yake.

Ugumu wa resori ni nini?

Mwaka 1678, Mwingereza Robert Hooke aliandika jambo ambalo kila fundi analiona kwa macho: resori inabonyea kulingana na uzito. Uzito ukiwa mara mbili, inabonyea mara mbili. Hivyo tunaweza kuipa resori namba moja, ugumu wake: ni kilo ngapi zinahitajika ili ibonyee santimetri moja. Resori inayohitaji kilo 10 kwa santimetri ni laini, ile ya kilo 20 ni ngumu. Sheria hiyo inaendelea mpaka pale pete za resori zinapogusana. Hapo hakuna resori tena, ni chuma juu ya chuma, na ndiyo ule mlio unaousikia ndani ya shimo.

Pima yako mwenyewe

Hakuna haja ya mashine. Bido ya lita 25 ikijaa maji ina kilo 25, kwa hiyo bido mbili ni kilo 50. Usitumie mawese kwa kazi hii, maana mafuta ni mepesi kuliko maji.

Mtu mmoja ashike pikipiki iwe wima, bila kuiegemea. Tundika bido mbili nyuma, moja kila upande, karibu kabisa na juu ya ekseli ya gurudumu la nyuma. Tikisa kiti mara mbili tatu ili vyuma visikwame, kisha pima kwa metre vipimo viwili: kutoka ekseli mpaka alama uliyoweka kwenye shasi chini ya kiti, na kutoka udongo mpaka ekseli. Ongeza bido mbili zingine, tikisa tena, pima tena.

Tuseme kwa bido mbili umepata santimetri 36 kati ya ekseli na alama, na kwa bido nne umepata 34. Kilo 50 zilizoongezwa zimeshusha kiti santimetri 2. Basi ugumu wa amotisere za nyuma, zote mbili pamoja, ni 50 kugawanya kwa 2: kilo 25 kwa santimetri. Tunaangalia tofauti kati ya bido mbili na nne, hatuanzi na pikipiki tupu, kwa sababu resori hufungwa ikiwa tayari imebanwa kidogo, na mzigo wa kwanza unaweza kudanganya.

Bega kwa bega: ugumu unajumlishwa

Amotisere ya kushoto na ya kulia zimefungwa bega kwa bega. Zote mbili zinabonyea sawasawa, kwa sababu chuma kinachoshika gurudumu ni kimoja, na zinagawana uzito. Katika hali hiyo ugumu unajumlishwa:

k = k1 + k2

Kwa mfano wetu ni 12,5 + 12,5 = 25. Motari akifunga jozi ya pili inayofanana, ubavuni mwa ile ya kwanza, anafika kilo 50 kwa santimetri. Mzigo wa kilo 150 uliokuwa unashusha kiti santimetri 6 sasa unakishusha 3. Kama amotisere ina nafasi ya santimetri 8 tu, mbele alibakiwa na 2 za kupokea mashimo, leo ana 5. Hesabu hiyo ni ya jozi iliyofungwa karibu na ekseli. Ikifungwa mbele zaidi, kuelekea miguu ya dereva, inabonyea kidogo kuliko gurudumu linavyopanda, na mchango wake unapungua.

Hapa pia njo mahali pa kuangalia wakati wa kubadilisha amotisere. Tuseme ya kushoto imechoka, fundi anaweka ya aina ingine, ngumu zaidi: kushoto 17, kulia inabaki 8. Jumla ni 25 kama zamani, na kipimo cha metre hakitaonyesha kitu. Lakini kwa kuwa zinabonyea sawasawa, ile ngumu inabeba sehemu kubwa: kwa kilo 100, kushoto kunabeba 68 na kulia 32. Chuma kinachoshika gurudumu kinasokotwa kila shimo, bulo za upande mmoja zinalegea haraka, na mpira unaanza kulika upande. Ndiyo maana amotisere zinabadilishwa mbili kwa wakati mmoja, na za aina moja.

Moja juu ya ingine: ugumu unapungua

Sasa twende mbele, kwenye furshi. Ndani ya kila mguu wa furshi kuna resori ndefu. Ikizoea kuzama, kuna mafundi wanaokata kipande cha resori nzee na kukitumbukiza juu ya ile iliyomo, kisha wanafunga kizibo kwa nguvu. Pikipiki inasimama juu, motari anafurahi na kulipa. Akifika kwenye shimo la kwanza akiwa na abiria, furshi inazama kuliko zamani.

Sababu ni hii. Resori zikisimama moja juu ya ingine hazigawani uzito. Uzito mzima unapita katika ya kwanza, halafu uzito ule ule mzima unapita katika ya pili. Kila moja inabonyea kwa sehemu yake, na mibonyeo ndiyo inayojumlishwa. Hesabu yake ni:

1/k = 1/k1 + 1/k2

Tuseme resori ya furshi ni ya kilo 6 kwa santimetri, na kipande kilichoongezwa ni cha kilo 12. Weka kilo 12 juu yake. Ya kwanza inabonyea santimetri 2, kipande kinabonyea 1, jumla 3. Kilo 12 kugawanya kwa 3 ni kilo 4 kwa santimetri. Motari alilipa ili atoke 6 aende juu, sasa yuko kwenye 4. Jibu hapa ni dogo siku zote kuliko hata ile resori laini kuliko zote.

Kwa nini basi pikipiki ilisimama juu? Kwa sababu kizibo kiliibana resori mapema. Kubana kunapandisha kimo, hakuongezi ugumu. Ni vile vile ukiweka kipande cha bomba ao rondela nene juu ya resori, ao ukizungusha ile pete yenye meno kwenye amotisere za nyuma. Kimo kinapanda, na kilo za kushusha santimetri moja zinabaki zile zile. Bomba walau halipunguzi kitu, maana lenyewe halibonyei.

Kanuni hiyo hiyo inaeleza jambo lingine ambalo linawashangaza wengi. Resori moja ni kama pete nyingi zilizosimama moja juu ya ingine. Ukikata resori ya pete 10 ukabakiza 8, imekuwa ngumu zaidi, kutoka 6 hadi 7,5, kwa sababu umeondoa pete mbili zilizokuwa zinabonyea. Lakini sasa ni fupi, na pete zake zitagusana mapema.

Usisahau mpira

Chini ya amotisere kuna resori ingine ambayo hakuna anayeihesabu: mpira wenye hewa. Uzito wa nyuma unapita katika amotisere, halafu katika mpira, yaani moja juu ya ingine. Kipimo cha pili ulichochukua, kutoka udongo mpaka ekseli, ni cha mpira huo. Tuseme kilikuwa 29 kikawa 28,5. Kilo 50 kwa nusu santimetri: ugumu wa mpira ni kilo 100 kwa santimetri.

Nyuma nzima basi inashuka 2 na nusu kwa kilo 50, yaani kilo 20 kwa santimetri, si 25. Na yule aliyefunga jozi ya pili? Amotisere zinashuka 1, mpira nusu: ni 50 kugawanya kwa 1,5, karibu kilo 33. Aliongeza amotisere mara mbili, lakini pikipiki nzima haikuwa ngumu mara mbili. Mpira ukipungukiwa hewa hadi kushuka santimetri 1 badala ya nusu, pikipiki yenye amotisere mbili inaanguka karibu kilo 17. Kabla ya kununua resori, pampu hewa na upime tena.

Kile resori hairekebishi

Jozi ya pili inapunguza kugonga. Uzito wenyewe haupunguzi. Kilo 150 bado zinapita kwenye shasi, kwenye mpira na kwenye nyuzi za gurudumu, na sasa masikio ya shasi yanayoshika amotisere yanapata mishtuko mikali zaidi pikipiki ikirudi tupu. Angalia mahali palipochomelewa: mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi mara nyingi ni mwanzo wa ufa. Angalia pia namna pikipiki inavyorudi. Bonyeza kiti kwa nguvu, kisha uachilie. Kikiruka na kucheza zaidi ya mara moja ao mbili, mafuta ndani ya amotisere hayawezi tena kuituliza resori. Gurudumu litakuwa linaruka juu ya mashimo, na gurudumu lililo hewani halishiki freni.

Ukitaka kuikumbuka hesabu yote, chukua sahani mbili. Kuna rondela zilizopinda kama sahani, ambazo Mfaransa Julien Belleville alizipatia hati mwaka 1867, na mpaka leo zinatumika kama resori pale ambapo nafasi ni ndogo. Ukizipanga moja ndani ya ingine, kama sahani zilizooshwa, zinagawana uzito na ugumu unakuwa mara mbili. Ukizigeuza mdomo kwa mdomo, kila moja inabeba uzito mzima, na ugumu unakuwa nusu. Chuma ni kile kile na bei ni ile ile. Kwa hiyo fundi akisema anakuongezea resori, muulize kwanza: ubavuni, ao juu?