Urekebishaji wa skripti kwa majukwaa

Urekebishaji wa skripti kwa majukwaa ni kazi ya kuandika upya ujumbe mmoja ili ufae katika vyombo mbalimbali vya mawasiliano, kama vile redio, ujumbe mfupi wa simu (SMS), sauti ya WhatsApp na video fupi. Kila chombo kina kikomo chake cha urefu, lugha inayokubalika na desturi za wasikilizaji wake. Kazi hii ni tofauti na kufupisha. Anayefupisha huondoa maneno. Anayerekebisha huchagua kwanza mambo yasiyoweza kuachwa, kisha huyaandika upya kwa kila chombo.

Makala hii inatumia mfano wa tangazo kwa wakulima wa mwani wa Bwejuu, kijiji cha pwani ya kusini mashariki ya kisiwa cha Unguja, Zanzibar.

## Kiini cha ujumbe

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Wakulima walio wengi ni wanawake. Hufunga vipande vya mbegu kwenye kamba zilizotandazwa kati ya mambo, na huvuna baada ya wiki sita hivi. Kazi hufanyika wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Maji yakipata joto kali, au mvua kubwa ikipunguza chumvi yake, matawi ya mwani hudhoofika, huwa meupe na laini, kisha hukatika. Mkulima akifunga tawi kama hilo kuwa mbegu, kamba yake inaweza kuharibika na wiki sita zikapotea.

Kwa hiyo kiini cha tangazo ni maswali matatu: tawi gani ni gonjwa, lifanywe nini, na lini. Majibu yake lazima yawe yale yale katika kila chombo.

## Skripti ya redio

Msikilizaji wa redio hawezi kurudi nyuma. Kwa sababu hiyo skripti hutaja kwanza inayemhusu, hutumia sentensi fupi, na hurudia agizo kuu mwishoni:

> Wakulima wa mwani wa Bwejuu na vijiji vya jirani, tafadhalini sikilizeni. Mkienda pwani bamvua hili, tazameni matawi ya mwani. Tawi likiwa jeupe, laini, na linakatika likiguswa, ni gonjwa. Ling'oeni kwenye kamba mlipeleke nchi kavu. Msilifanye mbegu. Mwani uliobaki mzima vuneni mapema. Msisubiri wiki sita zitimie. Narudia: tawi jeupe na laini ling'oeni, mlipeleke nchi kavu, msilifanye mbegu.

Urefu wa skripti ya redio hupimwa kwa saa, si kwa idadi ya maneno. Vipimo vya maneno kwa dakika vilivyowekwa kwa Kiingereza havifai, kwa kuwa neno moja la Kiswahili kama "mlipeleke" hubeba mtenda, mtendwa na tendo. Mwandishi huisoma skripti kwa sauti, kwa mwendo wa mtangazaji, huku akitazama saa.

## Ujumbe mfupi wa simu

SMS moja hubeba biti 1,120. Kila herufi ya kawaida huchukua biti 7, hivyo zinaingia herufi 160, nafasi na alama zikihesabiwa. Tangazo la hapo juu linaweza kuandikwa hivi:

> MWANI BWEJUU: Tawi jeupe na laini ni gonjwa. Ling'oe, lipeleke nchi kavu, usilifanye mbegu. Mwani usiougua uvune mapema. Bamvua la 13-17/3/2025.

Ujumbe huu una herufi 144. Marudio yameondolewa kwa kuwa mpokeaji anaweza kuusoma tena. Wingi umekuwa umoja, maana simu husomwa na mtu mmoja. Lakini maneno "na laini" yamebaki. Mwani unaweza kupauka kwa jua ilhali bado ni mgumu, na anayeambiwa "tawi jeupe" peke yake anaweza kung'oa usio na ugonjwa. Sharti la namna hii ndilo huondolewa kwanza na mtu anayetafuta nafasi, na likiondoka maana hubadilika.

Neno "mzima" nalo limebadilishwa. Katika redio, "mwani uliobaki mzima" inaeleweka kuwa ni usio na ugonjwa. Katika ujumbe mfupi, "mwani mzima uvune" ingeweza kusomwa kuwa ni kuvuna mwani wote.

Tatizo jingine ni alama ya ritifaa katika "ng'oa". Ritifaa iliyonyooka (') imo katika herufi za kawaida za SMS. Programu nyingi za kuandikia huigeuza kuwa ya kupinda (’), ambayo haimo. Hapo ujumbe wote huhesabiwa kwa biti 16 kila herufi, na kikomo hushuka hadi herufi 70. Ujumbe mrefu zaidi hugawanywa katika vipande vya herufi 67, hivyo ule wa herufi 144 huwa vipande vitatu na hulipiwa kama ujumbe tatu. Dalili yake ni kihesabu cha herufi kinachoruka ghafla.

## Sauti ya WhatsApp

Sauti ya WhatsApp huzungumzwa kama jirani anavyozungumza: salamu, kisha "mama zangu" badala ya "wakulima". Kusini mwa Unguja inaweza kusemwa kwa Kimakunduchi, kiitwacho pia Kikae, mradi majibu ya maswali matatu yasibadilike.

Sauti hii husambazwa kutoka kundi hadi kundi, na inaweza kusikilizwa wiki kadhaa baadaye. Maneno "leo", "kesho" na "bamvua hili" hupoteza maana yakishatengana na siku yake. Msemaji hutaja jina lake, kijiji na tarehe kamili ndani ya sauti yenyewe.

## Video fupi

Watazamaji wengi wa video fupi si wakulima wenyewe, bali watoto na jamaa zao walio mjini au ughaibuni. Kwao agizo huwa: "Mpigie mama kabla hajaenda pwani." Picha ya kwanza huonyesha mkono ulioshika matawi mawili, moja gumu na moja jeupe linalokatika, picha hiyo huchukua nafasi ya sentensi nzima ya redio. Kwa kuwa wengi hutazama bila sauti, maneno makuu huandikwa kwenye picha, mbali na ukingo wa chini na wa kulia ambako vitufe huyafunika.

Vikomo vya video hubadilika. YouTube Shorts iliruhusu sekunde 60 hadi Oktoba 2024, kisha dakika 3. Kikomo kikiongezwa, ujumbe haulazimiki kurefuka.

## Upimaji

Kila toleo hupewa mtu ambaye hajasikia mengine, kisha huulizwa maswali matatu ya kiini. Aliyesoma SMS akisema "mwani mweupe wote" na aliyesikia redio akisema "mweupe na laini", kosa limo katika SMS. Skripti ya asili huwekwa tarehe na kuhifadhiwa, na ushauri ukibadilika marekebisho huanzia hapo, kisha matoleo yote hutolewa upya pamoja.

Matoleo yote pia hutolewa kabla ya siku ya kwanza ya bamvua. Maji yakishakupwa, mkulima yuko kwenye kamba zake na simu iko nyumbani.