Katapila likigonga bomba au kebo: kipi kifungwe kwanza

Kila mtaa ukianza kuwekwa kabro au kuchimbwa mtaro wa maji ya mvua, huwa naulizwa swali moja: katapila likigonga kitu chini, apigiwe nani simu kwanza? Jibu langu ni kuwa tuhesabu vyote viwili vimegongwa mpaka ionekane vingine. Bomba la maji na kebo ya umeme mara nyingi hulazwa ukingo ule ule wa njia.

Mkandarasi huwa na ramani ya huduma, mchoro unaoonyesha mabomba na kebo zilipopita. Ramani hiyo iaminiwe kwamba kitu kipo, isiaminiwe sana kipo wapi. Bomba lililochorwa mita 2 kutoka ukutani halitapatikana kwa kipimo hicho ikiwa ukuta ulibomolewa ukajengwa mbele zaidi. Kina aghalabu hakiandikwi. Barabara nayo ikishakwanguliwa, bomba lililokuwa mita moja chini huenda limebaki nusu mita. Vipande vya bomba vinavyoingia majumbani mara nyingi havimo kabisa. Ndiyo maana huchimbwa shimo la majaribio kwa koleo, na mashine ikae angalau nusu mita mbali na kilichopatikana. Kwingineko mchanga safi shimoni ni dalili ya kebo, lakini kwetu pwani mchanga ndio udongo wenyewe, kwa hivyo tafuta utepe wa plastiki au vigae vya saruji.

Nichukue tukio moja nililolishuhudia. Jino la ndoo lilipasua bomba la plastiki la inchi 6, na kando yake ikaonekana kebo nyeusi iliyochubuka ganda. Shimo likajaa maji. Msimamizi akataka pampu iletwe upesi, lakini fundi wa maji alipofika alikataa katakata. "Kaka, umeme kwanza. Hakuna mtu kuingia humo."

Alikuwa na haki. Kebo inayozama majini haina dalili ya kuonekana kwa macho, na kimya chake si ushahidi kuwa imekufa, kwani huweza kuwashwa tena kutoka mbali. Dereva hubaki kitini bila kugusa chuma, na watu wasogezwe mita 10 hivi. Moto ukimlazimisha kushuka, huruka miguu ikiwa pamoja asiguse mashine na ardhi kwa wakati mmoja, kisha huondoka kwa kuburura miguu hatua fupi fupi. Kuzima ni kazi ya shirika la umeme pekee. Kebo huweza kulishwa kutoka pande mbili, kwa hivyo hufunguliwa swichi za pande zote, hupimwa, kisha huunganishwa na ardhi ndipo iguswe. Simu ya dharura ya Kenya Power ni 97771. Taja nambari iliyo kwenye nguzo ya karibu, sema kama kebo imekatika au imechubuka tu, na kama kuna maji shimoni. Mchubuko pia uripotiwe. Ukifukiwa kimya kimya, unyevu huingia na kebo hulipuka wiki kadhaa baadaye, mkandarasi akiwa ameshaondoka.

Umeme ulipozimwa ndipo fundi akageukia valvu. Ya inchi 6 huzunguka mara 20 hivi mpaka kufunga. Ikikwama mara ya saba, haijafunga. Yake ilifunga sawasawa, na mizunguko ya mwisho aliifanya polepole, maana maji yakisimamishwa ghafla hupiga bomba kama nyundo na kulipasua kwingine. Hata hivyo maji yalipungua tu, hayakukoma. Bomba lililishwa pia kutoka upande wa pili, na kifuniko cha valvu hiyo kilikuwa chini ya kokoto mpya za barabara. Ramani ndiyo iliyowaonyesha pa kufukua.

Jambo moja aliloliangalia sana ni kutofunga kabisa kabla maji ya shimoni hayajavutwa yakashuka chini ya bomba. Mtiririko mdogo wa kutoka huzuia uchafu kuingia, na mitaani kwetu vyoo vya shimo viko karibu.

Hapo ndipo mgao unapotuponza. Siku isiyo ya zamu yetu bomba halina msukumo, likipasuliwa hakuna maji yanayoruka, na mchimbaji anaweza kufukia bila kujua. Kwa hivyo ukiona kipande cha plastiki ya buluu au nyeusi kwenye kifusi, ripoti siku hiyo hiyo kwa kampuni ya maji, wala usingoje mifereji ifunguliwe. Bomba likishaungwa, laini hutiwa klorini na kusukumwa maji mpaka yatoke safi. Mpaka hapo, maji ya kunywa yachemshwe, na ya kwanza kutoka mferejini yamwagwe kabla hayajaingia tangini.