Mpaka Uko Syokimau

Ukitaka kuona mpaka wa reli Kenya, usiende Malaba. Malaba kuna bendera, askari na foleni ya malori, lakini chuma kinachopita pale ni kilekile pande zote mbili. Behewa la Kenya linaweza kuingia Uganda bila kushuka kwenye reli. Mpaka wenyewe uko Syokimau, pale reli ya mkoloni inapokutana na SGR. Sisi wa Ruiru na Thika tukisema tunaenda Mombasa kwa treni, tunaukuta mpaka huo hata kabla hatujafika Athi River.

Tofauti yenyewe ukiitazama kwa macho ni ndogo. Reli inayopita Ruiru na Thika kuelekea Nanyuki ina upana wa milimita 1,000, mita moja kamili kutoka chuma hadi chuma. Ile ya SGR ina milimita 1,435. Kinachobaki ni milimita 435, karibu mkono mmoja, kile kipimo cha wazee cha kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mkono huo mmoja tu ndio unaokufanya ushuke na begi, utafute treni nyingine na ununue tiketi ya pili.

Hiyo mita moja tuliipata kupitia India. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, wazo la mwanzo lilikuwa kutumia upana wa milimita 1,067, ule wa reli za kusini mwa Afrika. Lakini India tayari ilikuwa na maelfu ya kilomita za reli ya mita moja, na vichwa vya treni, mabehewa na mafundi wangeweza kutoka huko haraka kuliko kwingine kokote. Basi mita moja ikashinda. Reli ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na kila aliyejenga tawi baada ya hapo alilazimika kufuata kipimo hicho.

Thika ilipata tawi lake mwaka 1913. Kwenye makaratasi haikuitwa reli, iliitwa tramu, kwa sababu waliotaka ijengwe waliamini kwamba wenye hazina London wangeidhinisha tramu bila maswali mengi. Jina lilikuwa la kuzugia tu. Tramu ya kweli ingeweza kuwa nyembamba, kitu cha kuvuta mizigo ya shamba hadi mjini, na pale Nairobi kila gunia lingeshushwa na kupakiwa upya. Wajenzi hawakufanya hivyo. Waliweka mita moja, sawa na njia kuu.

Ndiyo maana kahawa ya Ruiru na mkonge wa Thika viliweza kupakiwa mara moja tu. Behewa lilifungwa stesheni, likavutwa hadi Nairobi, pale likaunganishwa na treni ya pwani, na mlango ukafunguliwa tena Kilindini. Hakuna kuli aliyegusa gunia katikati ya safari. Kwa mwenye shamba hilo lilimaanisha pesa, kwa sababu kila mara mzigo unapobebwa mgongoni kuna mshahara wa kulipa, kuna magunia yanayopasuka, na kuna mengine yanayopotea njiani bila maelezo.

Kipimo kimoja kilivuka hata mipaka ya maadui. Wajerumani nao walikuwa wamejenga reli yao ya Tanga hadi Moshi kwa mita moja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walisukuma reli kutoka Voi kupitia Taveta hadi ikakutana na ile ya Wajerumani pale Kahe. Mafundi hawakuhitaji kubadilisha magurudumu. Walichohitaji ni kuunganisha vyuma, na treni za Kenya zikaingia Tanganyika. Baadaye mtandao huo ukawa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki, hadi jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikachukua vyuma vyake. Hata baada ya kugawana, upana ulibaki uleule. Waliotengana walikuwa wanasiasa, lakini magurudumu hayakuwa na habari.

Halafu ikaja mwaka 2017. Treni ya zamani ya abiria ya Nairobi hadi Mombasa ikaacha kwenda, na Madaraka Express ikaanza mwanzoni mwa Juni. Reli mpya haikupita juu ya ile ya zamani. Ilikatiwa njia yake, yenye kona pana na miinuko midogo, ndiyo maana inafika Mombasa kwa saa tano hivi. Stesheni yake ya Nairobi ikawekwa Syokimau, mbali na stesheni ya zamani ya tao.

Watu huniuliza: si wangebadilisha magurudumu tu? Kuna nchi zinazofanya hivyo. Pale Brest, Belarus inapopakana na Poland, behewa lilikuwa linainuliwa kwa jeki abiria wakiwa ndani, magurudumu ya milimita 1,520 yakasukumwa kando na ya 1,435 yakaingizwa chini yake. Kazi hiyo ilikula saa nzima na zaidi. Kwetu shida ni zaidi ya magurudumu. Behewa la SGR ni refu na pana kuliko la reli ya zamani, limejengwa kwa uzito ambao madaraja na vyuma vya njia ya Thika havikupangiwa. Hata ukilivalisha viatu vidogo, mwili ni uleule.

Njia nyingine ni kuongeza chuma cha tatu. Hapa hesabu ya mkono mmoja inatusaidia. Brest tofauti ni milimita 85 tu, vyuma viwili havitoshei kukaa jirani kiasi hicho. Milimita 435 zinatosha kabisa. Vietnam ina njia ya namna hiyo kati ya Hanoi na mpaka wa China: treni za mita moja na za 1,435 zinatumia chuma kimoja kwa pamoja, kisha kila moja ina chuma chake upande wa pili. Kwa hiyo treni kutoka China ilifika hadi viungani mwa Hanoi bila abiria kushuka mpakani kwa sababu ya reli. Sisi tulijenga njia mbili zisizogusana, tukaziunganisha kwa miguu ya abiria.

Sasa hebu tuifuate safari yenyewe, tuseme kutoka Ruiru kwenda kupanda treni ya saa tisa alasiri. Tiketi ya kwanza ni ya treni ya kuingia mjini. Haina jina lako, haina namba ya kiti. Ni haki ya kupanda tu, ukipata nafasi ukae, ukikosa ushike chuma. Unashuka stesheni ya zamani. Hapo unatafuta treni ya kuunganisha hadi Syokimau, hiyo nayo ni reli ya mita moja na ina nauli yake. Tiketi ya tatu ni ya SGR. Hiyo uliinunua siku kadhaa kabla, kwa simu kupitia *639# au mtandaoni, ukalipa kwa M-Pesa. Ina jina lako, namba ya kitambulisho, behewa na kiti. Ukifika unaichapisha, na langoni wanalinganisha karatasi na kitambulisho. Tangu Januari 2024 kiti cha kawaida ni bob 1,500 kwa safari nzima, kutoka 1,000.

Tatizo liko katikati ya tiketi hizo, wala si ndani ya yoyote kati yake. Tiketi moja ya safari nzima huwa ni ahadi: aliyekuuzia amekubali kukufikisha mwisho, na treni ya kwanza ikichelewa, kukuunganisha ni juu yake. Ukiwa na tiketi tatu una ahadi tatu ndogo ambazo hazijuani. Treni ya kuingia tao ikikwama Dandora, ile ya Syokimau haina habari. Ile ya Syokimau ikikosa muda, Madaraka Express itaondoka saa tisa kamili na kiti chako kitupu. Kila treni imetimiza kazi yake, mzigo wa kuchelewa umebaki kwako. Ndiyo maana wengi wetu hupanda matatu ya Thika Road hadi tao mapema mno, kisha tunakaa Syokimau tukihesabu vigae. Ule muda tunaopoteza ni bima tunayojilipia wenyewe.

Mizigo nayo inafuata mkondo huohuo. Kwenye mtandao wa zamani, sanduku zito lilikabidhiwa karani, likapimwa, likabandikwa lebo, ukapewa risiti na ukalikuta mwisho wa safari. Kwa Syokimau mzigo ni wa mwenyewe. Nje ya stesheni mabegi hupangwa chini kwa mstari, wenye mabegi wanasogea nyuma, na mbwa anapita akinusa. Kisha begi linaingia kwenye skana, na wewe unapekuliwa. Ndiyo maana unatakiwa kufika saa nzima kabla. Kisu cha jikoni ulichomnunulia mama hakipiti, na mtungi wa gesi usijaribu. Mwenye begi moja mgongoni haoni shida. Mwombe shangazi mwenye magunia mawili na mtoto aipite mistari hiyo yote baada ya kushuka treni mbili, ndipo utajua milimita 435 ni ndefu kiasi gani.

Shehena ina mpaka wake mwingine, Naivasha. Treni ya SGR inaweza kuvuta zaidi ya kontena 100 za futi 20 kutoka bandarini. Zinazoenda Uganda kwa reli huinuliwa kwa mashine na kushushwa juu ya mabehewa ya mita moja, zikapita kipande cha kilomita 23 na ushee hadi Longonot, kisha njia ya zamani hadi Malaba. Kontena halifunguliwi. Kinachoangaliwa ni namba yake na sili ya mlangoni, ili ikijulikana baadaye kwamba sili imekatwa, ionekane ilikatwa upande upi wa winchi. Yaani kontena lina karatasi moja inayolifuata kutoka mwanzo hadi mwisho, na makabidhiano yanaandikwa. Abiria wa Ruiru hana.

Hilo ndilo linalonikera nikilifikiria. Chuma ni kigumu kubadilisha. Kung'oa reli ya Thika na kuweka pana ni mabilioni, na huenda abiria wetu hawatoshi kuzirudisha. Lakini treni ya Ruiru, ile ya kuunganisha na Madaraka Express zote ni za shirika moja la umma. Kuuza safari nzima kwa tiketi moja, kupanga treni ya Syokimau ifike dakika kadhaa kabla ya lango kufungwa, kumhamishia bure kwenye treni ya usiku aliyecheleweshwa na reli yenyewe, hayo yote ni kazi ya ratiba na daftari. Hayahitaji hata msumari mmoja. Wajenzi wa ile tramu ya 1913 walikuwa wanafikiria gunia la kahawa, na walihakikisha halishuki njiani. Sisi tunaomba kufikiriwa angalau kama gunia.