Kipimo cha Mbegu za Kiume: Maandalizi na Maana ya Majibu

Wenza wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wanaojamiiana bila kinga kwa miezi 12 pasipo kupata ujauzito, wanapaswa kupimwa wote wawili. Kwa mwanaume, kipimo cha kwanza ni cha shahawa.

Kabla ya kupimwa, mwanaume hukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa. Sampuli yote huwekwa katika kichupa safi cha maabara, bila kutumia sabuni, mafuta wala kondomu ya kawaida, kwa kuwa vitu hivyo huweza kudhuru mbegu. Sehemu ikimwagika, mhudumu aelezwe. Sampuli inapaswa kufika maabara ndani ya saa 1 bila kupoa. Hivyo, anayeishi mbali na hospitali ni vyema aitolee hapohapo.

Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021, kiwango cha chini cha ujazo ni mililita 1.4, jumla ya mbegu milioni 39, na zinazojongea asilimia 42.

Kwa mfano, mililita 2 zenye mbegu milioni 10 kwa kila mililita hutoa jumla ya milioni 20. Idadi hiyo ni pungufu, lakini haithibitishi ugumba. Iwapo mhusika aliugua homa kali, kama ya malaria, mwezi uliotangulia, kipimo hurudiwa baada ya miezi 3, kwa kuwa mbegu mpya huchukua takriban muda huo kukomaa. Zisipoonekana mbegu kabisa, daktari hurudia kipimo na kutafuta chanzo.